Pembetatu ya mfalme: namna ya kumrudishia mwenzio zamu asiyoitaka

Jioni moja barazani kwetu Wete, baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja wa skuli alikuwa na ushindi wa sataranji mkononi akaukubali kuwa sare. Alikuwa na askari wawili, mwenziwe mmoja. Mfalme wake alisimama katikati ya ubao, mfalme wa mwenziwe amebanwa safu ya mwisho. Kijana akajaribu kuingilia kushoto, akazuiwa. Akajaribu kulia, akazuiwa. Akarudi palepale alipoanzia, akajaribu tena, na mkao uleule ulipotokea mara ya tatu mzee aliyecheza na kete nyeusi akadai sare yake kwa mujibu wa sheria. Wakapeana mikono.

"Mwanangu," mzee akamwambia huku akimimina kahawa, "mimi nilikuwa nimeshakufa. Hukunizika tu."

"Nimekosea wapi, babu?"

"Miraba yote uliijua. Zamu ndiyo uliyoikosea."

Nilikuwepo, na tangu siku ile nimeueleza mkao huo kwa watu wengi, wengine wachezaji wazuri kunishinda. Karibu wote hukwama pahala pamoja: wanauona mlango lakini hawaoni kwamba mlango unafunguka kwa kurudi nyuma. Kwa hivyo hapa nitauchukua mkao huo mmoja tu, niufungue fundo moja moja hadi mwisho. Ukiuelewa huu, umeielewa pembetatu yenyewe.

Upange ubao. Herufi za safu wima ni a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, namba za safu mlalo ni 1 hadi 8 kutoka kwake kwenda juu. M kubwa ni mfalme mweupe, m ndogo ni mfalme mweusi. A kubwa ni askari weupe, a ndogo ni askari mweusi. Safu za chini ni tupu, sikuzichora.

```
8  .  .  m  .  .  .  .  .
7  .  .  .  .  .  .  .  .
6  a  .  A  .  .  .  .  .
5  A  .  .  M  .  .  .  .
4  .  .  .  .  .  .  .  .
   a  b  c  d  e  f  g  h
```

Mwenye programu ya sataranji kwenye simu anaweza kuubandika mkao wenyewe:

```
2k5/8/p1P5/P2K4/8/8/8/8 w - - 0 1
```

Herufi w katikati maana yake ni zamu ya Mweupe. Ishike herufi hiyo, maana ndiyo tatizo zima.

Kwanza tuwaangalie askari. Askari hula kwa mshazari, hatua moja mbele. Askari mweupe wa c6 kwa hiyo anailinda miraba ya b7 na d7, na mfalme mweusi hawezi kuikanyaga. Askari mweupe wa a5 anailinda b6, na papo hapo amemziba njia askari mweusi wa a6. Yule askari mweusi hana hatua hata moja: mbele yake pamezibwa, na hana cha kula. Maana yake, kila zamu ya Mweusi lazima aichezee mfalme. Hana kete nyingine ya kusogeza.

Na lazima asogeze. Kwenye dhumna ukikosa la kuweka unapita, mchezo unaendelea. Kwenye sataranji hakuna kupita. Zamu ikifika unacheza, upende usipende, hata kama kila hatua uliyonayo inakuharibia. Mtu aliye katika hali hiyo, ambaye angesalimika lau angeruhusiwa kukaa kimya, mimi humwita aliyekwama kwa zamu. Miisho ya wafalme na askari imejaa mikao ya namna hiyo, na wetu ni mmoja wao.

Sasa tutazame milango. Mweupe ana njia mbili za kuingia. Ya kushoto ni kupitia c5 kwenda b6. Akifika b6, askari wa a6 ataliwa na Mweupe atabaki na askari wawili dhidi ya mfalme mtupu. Ya kulia ni kwenda d6, na kutoka hapo kumsukuma askari wa c mpaka awe malkia. Mfalme mweusi ni mmoja na lazima alinde milango yote miwili.

Anailinda vipi? Mweupe akisimama c5, Mweusi lazima awe amesimama c7. Kutoka hapo anaizuia b6 na anaizuia d6, kwa kuwa wafalme wawili hawaruhusiwi kugusana. Akiwa pengine popote, Mweupe anaingia. Mweupe akisimama d6, Mweusi lazima awe amesimama d8. Akiwa c8, kwa mfano, Mweupe humsukuma askari hadi c7, na mfalme mweusi hubakiwa na mraba mmoja tu wa kukimbilia, b7, kwa sababu b8 na d8 zinatishwa na askari huyo na d7 inatishwa na mfalme mweupe. Halafu mfalme mweupe anapanda d7, na hakuna tena wa kumzuia askari.

Tuna jozi mbili basi: c5 kwa c7, na d6 kwa d8. Mweupe akiwa d5, anaweza kwenda c5 au d6 kwa hatua moja. Kwa hivyo Mweusi lazima asimame pahala ambapo kwa hatua moja anaweza kufika c7 au d8, kutegemea mwenziwe amekwenda upande gani. Miraba inayogusa c7 na d8 kwa pamoja ni miwili tu, c8 na d7, na d7 imezuiwa na askari. Imebaki c8. Jozi ya tatu, basi, ni d5 kwa c8.

Rudi utazame mchoro. Mweupe yuko d5, Mweusi yuko c8. Mzee alikuwa amesimama pale hasa alipotakiwa, na zamu ni ya Mweupe. Kijana akienda c5, mzee anakwenda c7. Akienda d6, mzee anakwenda d8, na hapo askari akisukumwa c7 kwa shaha, yaani akimtisha mfalme, mzee anarudi c8. Mweupe akitaka kumlinda askari wake kwa kwenda c6, mfalme mweusi hana pa kwenda wala hajatishwa, na hiyo ni sare. Mambo yote aliyoyajaribu kijana yalikuwa na jibu.

Lakini fikiria mkao huohuo, kete zilezile, ila zamu ni ya Mweusi. Hebu badilisha ile herufi w iwe b. Sasa mzee lazima aondoke c8, na hana pa kwenda pazuri. Akienda c7, Mweupe anakwenda c5 na sasa ni mzee tena wa kusogea: lazima aachie c7, na mlango mmoja utafunguka. Akienda d8, Mweupe anakwenda d6 na ni mzee tena wa kusogea. Akienda b8, yuko mbali na d8, na Mweupe anaingia d6 bila kuulizwa. Kwa hiyo mkao huu ni sare au ushindi kwa kutegemea kitu kimoja tu, nani anacheza. Mweupe hahitaji kufika pahala papya. Anahitaji kufika palepale alipo, zamu ikiwa ya mwenziwe.

Hapo ndipo pembetatu inapoingia. Mfalme anatembea hatua moja upande wowote, pamoja na mshazari. Kwa sababu hiyo anaweza kutoka d5 na kurudi d5 kwa hatua mbili, kwa kwenda na kurudi, au kwa hatua tatu, kwa kuzunguka miraba mitatu inayogusana. Miraba yetu ni d5, c4 na d4. Kutoka d5 kwenda c4 ni mshazari, c4 kwenda d4 ni kando, d4 kwenda d5 ni mbele. Hatua tatu, na yuko alipoanzia. Ikiwa katika muda huohuo mwenziwe naye atalazimika kurudi c8 kwa hatua mbili tu, basi zamu imehama.

Tucheze. Mweupe: mfalme c4.

Mzee ana hatua tatu za kuchagua: c7, b8 au d8. Tuchukue ile ya haraka kufa, c7. Mweupe anajibu c5 papo hapo, na ile jozi ya c5 kwa c7 imetimia zamu ikiwa ya Mweusi. Akirudi c8 au akienda b8, mfalme mweupe anaingia b6 na askari wa a6 hana tena mlinzi. Akienda d8, Mweupe anapanda d6, Mweusi anakwenda c8, askari anasukumwa c7, na tumeshaona mwisho wake.

Kwa hivyo mzee mwenye akili anabaki safu ya nane. Tuseme d8. Sasa Mweupe: mfalme d4. Hii ndiyo hatua ambayo macho ya wengi yanakataa kuiamini, kwa kuwa inaonekana kama mtu anayetembea tu bila kazi. Mweupe kutoka d4 anatishia kitu kilekile alichotishia kutoka c4: kwenda c5 au kwenda d5. Mzee lazima, baada ya hatua yake, awe pahala ambapo anaweza kufika c7 akijibiwa kwa c5, na c8 akijibiwa kwa d5. Miraba inayogusa c7 na c8 ni b8 na d8, ukiondoa b7 na d7 zilizozuiwa. Alikuwa d8, pazuri kabisa, lakini hawezi kubaki hapo kwa sababu lazima acheze. Na kutoka d8 hadi b8 ni hatua mbili, naye ana moja.

Basi anakwenda c8. Mweupe: mfalme d5.

Simama hapa uangalie ubao. Ni mchoro uleule wa mwanzo, kila kete iko pahala pake. Tofauti ni kwamba sasa ni zamu ya Mweusi. Mweupe amecheza hatua tatu, Mweusi mbili, na hakuna aliyekula wala kusukuma kitu.

Lau mzee angechagua b8 mwanzoni badala ya d8, hesabu ni ileile: Mweupe d4, Mweusi hawezi kuruka hadi d8, anarudi c8, Mweupe d5. Na lau Mweupe angeizunguka pembetatu kinyume, d4 kwanza halafu c4, angefika palepale. Mwelekeo hauna shida.

Swali ambalo kijana aliuliza, na ni swali zuri: kwani mzee naye hana pembetatu? Miraba ya c7, c8 na d8 inagusana yote mitatu. Kwa nini asizunguke naye, arudi c8 kwa hatua tatu, zamu irudi ilikokuwa? Nadhani jibu lake ndilo linalotenganisha mtu aliyekariri na mtu aliyeelewa. Mzee hawezi kuzunguka kwa sababu kona ya c7 ni salama kwake pale tu Mweupe anapokuwa tayari amesimama c5, au yuko mbali asiweze kuifika c5 kwa hatua moja. Akiikanyaga wakati Mweupe yuko c4 au d4, Mweupe anaingia c5 na mzee amekwama kwa zamu. Ukiiondoa c7, na ukiziondoa b7 na d7 zinazolindwa na askari, mfalme mweusi amebaki na safu ya nane peke yake. Anatembea juu ya mstari. Na mfalme anayetembea juu ya mstari akitoka mraba fulani hawezi kuurudia ila kwa idadi shufwa ya hatua: mbili, nne, sita. Kila hatua ya kwenda kushoto lazima ilipwe kwa hatua ya kwenda kulia. Mweupe ana uwanja, Mweusi ana ujia. Mwenye uwanja anaweza kurudi kwa hatua witiri, mwenye ujia hawezi.

Kwa hiyo unapokuwa mezani, usianze kwa kutafuta pembetatu ya mfalme wako. Anza kwa kumtazama mfalme wa mwenzio na kujiuliza kama yuko ujiani. Nikiona askari wangu aliyefika safu ya sita amefunga mraba kushoto na kulia, kama yule wa c6, moyo wangu huanza kudunda, kwa sababu najua mwenzangu amepungukiwa na miraba ya kupumulia.

Hapa naomba kupenyeza jambo la farasi, kwa kuwa watu huuliza kama kete nyingine zinaweza kupoteza zamu namna hii. Ngome na malkia wanaweza. Farasi hawezi kabisa, katika ubao wowote. Kila anaporuka anabadilisha rangi ya mraba, mweupe kwenda mweusi au mweusi kwenda mweupe, kwa hivyo kurudi alipotoka humchukua idadi shufwa ya hatua milele. Ukiwa na farasi katika mkao unaohitaji kupoteza zamu, jua kwamba si yeye atakayekufanyia kazi hiyo.

Turudi kwenye mchezo, kwa sababu ushindi haujakamilika na uko mtego mmoja mkubwa mbele. Zamu ni ya Mweusi, wafalme wako d5 na c8. Mzee anakwenda d8. Mweupe d6. Mzee c8. Askari c7. Mzee b7, hana pengine. Mfalme mweupe d7. Mzee anarudi a7.

Askari yuko c7, mraba wa c8 uko wazi, na mkono wa kila mchezaji unakimbilia malkia. Usimchukue! Ukiweka malkia c8, tazama mfalme mweusi wa a7 ana nini. Miraba ya a8 na b8 inatishwa na malkia kwenye safu ya nane. Mraba wa b7 unatishwa na malkia kwa mshazari. Mraba wa b6 unalindwa na askari wako mwenyewe wa a5. Na a6 amekaa askari wake, ambaye hana hatua. Mfalme hajatishwa na hana pa kwenda: mchezo umekwisha kwa sare, na malkia wako amesimama pale bila kazi. Wachezaji wa bao hapa huteleza, na sababu yao inaeleweka. Kwenye bao asiye na hatua ameshindwa. Kwenye sataranji asiye na hatua, ikiwa mfalme wake hajatishwa, ameokoka.

Hatua sahihi ni mfalme c6. Sasa Mweusi ana mraba mmoja tu, a8, kwani b8 inatishwa na askari wa c7 na b7 na b6 zinatishwa na mfalme. Anakwenda a8. Ndipo askari anageuka malkia c8, na safari hii ni shaha, kwa sababu mfalme yuko kwenye safu hiyohiyo. Anashuka a7, malkia anakuja b7 akilindwa na mfalme, na ndiyo mwisho. Kona ile ya a8 ina mitego mingi ya aina hiyo kwa sababu ya yule askari wa a6 aliyefungwa. Kila unapotaka kumkaribia mfalme pale, hesabu kwanza kama umemwachia hatua.

Upande wa kushoto nao una njia yake. Tuseme Mweusi amechagua c7, ukamjibu c5, akarudi c8, ukaingia b6. Anakwenda b8. Unamla askari wa a6. Anakwenda c7 kumtisha askari wako, wewe unarudi b5 kumlinda. Anakwenda c8, wewe b6, naye b8. Sasa sukuma c7 kwa shaha. Akienda a8, malkia c8 ni kifo palepale. Akienda c8, msukume yule askari mwingine hadi a6. Mfalme mweusi anatoka d7, mfalme wako anapanda b7, na askari wa c hana wa kumzuia.

Sasa makosa. La kwanza ni lile la pupa: kumsukuma askari c7 mapema ili kumaliza mambo. Mweusi anamla, na Mweupe anabaki na askari mmoja wa pembeni. Hata ukimla yule wa a6, mfalme mweusi anaingia kona ya a8 na askari wa safu ya a hawezi kumtoa. Ni sare.

La pili ni la werevu zaidi, na nimeliona kwa watu waliosikia kuhusu pembetatu bila kuelezwa sababu yake. Wanajua lazima warudi nyuma, basi wanarudi e4 au e5, wakizunguka upande wa kulia. Mweusi anajibu c7. Sasa askari wa c6 anatishwa, na mfalme mweupe akiwa e4 au e5 hawezi kufika c5 kwa hatua moja. Njia pekee ya kumlinda ni kurudi d5, Mweusi anarudi c8, na tumerudi mwanzoni, zamu ikiwa ileile ya Mweupe. Pembetatu ni lazima ijengwe kwa miraba ambayo yote inagusa milango yote. Miraba ya c4 na d4 inagusa c5 na d5 kwa pamoja. Ya e haigusi c5. Ndiyo maana mzee alikuwa akikaa kimya kila kijana alipokwenda kulia: alijua upande huo hauna hatari.

La tatu ni kuzunguka pasipo na kitu cha kushinda. Ondoa askari wote wawili wa safu ya a, ubaki na wafalme na askari wa c6 peke yake. Utapoteza zamu vizuri kabisa, Mweusi atalazimika kuondoka c8, na bado hutashinda. Atakwenda c7, wewe c5, yeye atarudi c8. Ukienda d6 atakwenda d8, ukienda b6 atakwenda b8. Mlango wa kushoto sasa haufiki popote kwa sababu a6 hakuna cha kula. Pembetatu inafanya kazi pale mwenzio anapolinda vitu viwili, na kulazimishwa kusogea kunamfanya aache kimoja.

Limebaki jambo la askari wa mbali. Mikao halisi mara nyingi huwa na askari wengine upande wa pili wa ubao, na hao wanaweza kubeba zamu bila mfalme kutembea. Tuseme katika mkao wetu wa mwanzo pana pia askari mweupe h4 na mweusi h6. Hapo huhitaji pembetatu: sukuma h5, wale wawili wanafungana, na zamu ni ya Mweusi mfalme wake akiwa c8. Umemaliza. Tuseme badala yake mweusi yuko h7. Sasa Mweusi ana hatua za akiba, na ukimaliza pembetatu yako atajibu kwa kumsogeza askari wa h badala ya mfalme. Akicheza h6, wewe cheza h5 na akiba yake imekwisha. Akiruka moja kwa moja hadi h5, askari wamefungana na zamu imerudi kwako. Basi unaizunguka pembetatu upya. Hatua za askari zina mwisho kwa sababu askari harudi nyuma. Pembetatu haina mwisho, unaweza kuizunguka kila unapoihitaji, ilimradi uchunge kwamba mkao uleule na zamu ileile usitokee mara tatu.

Ila akiba ikiwa ni ya askari mweusi asiye na wa kumziba, anayeweza kukimbia hadi kuwa malkia, hapo usizunguke. Kila zamu unayoipoteza ni hatua moja unayompa yeye, na hesabu inakuwa ya mbio.

Namna hii ya kuoanisha miraba, d5 kwa c8 na c5 kwa c7, inaweza kwenda mbali kuliko mkao wetu. Mwaka 1901 Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, na Gustavus Reichhelm wa Marekani walishughulikia mkao ambao wafalme wawili wanatembea karibu ubao mzima kwa jozi kama hizi, na Mweupe anashinda kwa kuchagua mraba wa nyuma kabisa kuanzia safari. Sijaona mtu aliyeufuata mkao ule kabla ya kuuelewa huu wa askari watatu akatoka na kitu.

Jioni ile, kabla ya magharibi, mzee aliupanga ubao tena akakaa upande wa kete nyeusi. Kijana akavuta mfalme wake c4. Mzee d8. Kijana akatazama kwa muda mrefu, akamweka d4. Mzee c8. "Sasa babu," kijana akasema huku akimrudisha mfalme d5, "zamu yako." Wakaendelea hadi mzee akafika a7, na kijana akanyoosha mkono kumchukua malkia aliyekuwa kando ya ubao. Mkono ukasimama njiani. Akaukunja, akahesabu miraba ya a8, b8, b7 na b6 kwa kidole, kisha akamshika mfalme akamweka c6.